Orodha, shamba au jikoni: tangazo lipi la kila wiki linauza kikapu cha mboga Lubumbashi?

Kila Jumapili jioni, mwenye shamba la mboga anayepeleka vikapu mjini hukaa na simu mkononi akijiuliza aandike nini safari hii. Nimekuwa nikifanya kazi hiyo kwa niaba ya shamba moja la familia lililo nje ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasenga, na wateja tunaowatafuta ni watu wa Golf, Bel-Air, Makomeno na mitaa ya katikati ya mji ambao hutoka nyumbani mapema asubuhi na kurudi giza likiingia. Tunawaomba walipie kikapu cha kila wiki kabla ya kukiona, yaani wachukue abonema ya mboga kama wanavyochukua ya televisheni. Nimejaribu namna tatu za tangazo. Ya kwanza ni orodha ya vilivyomo kikapuni pamoja na bei, ya pili ni habari za shambani, na ya tatu ni mpango wa jikoni unaoeleza kila mboga itapikwa siku gani. Hapa ninazilinganisha kwa ajili ya mtu ambaye ana nafasi ya kuandika moja tu kwa wiki.

Kwanza ieleweke tunashindana na nani. Hatushindani na maduka makubwa yanayouza kabichi iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa. Tunashindana na mama anayepita langoni asubuhi na beseni kichwani, mwenye lengalenga iliyokatwa alfajiri, anayekubali kupunguza bei na kukopesha hadi Ijumaa. Mboga yake ni mbichi kama yetu na pengine ni ya bei nafuu kuliko yetu. Tunachomzidi ni kimoja tu, nacho ni kwamba kwetu mteja hahitaji kuwapo nyumbani beseni linapopita wala kupita soko la Mzee akiwa amechoka. Tangazo linalosifu ubichi wa mboga peke yake linamtangaza mama wa beseni bila malipo.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitachukua wiki moja na kikapu kimoja. Ni katikati ya Februari, na mvua inanyesha karibu kila siku. Kikapu kina mafungu matatu ya lengalenga, mafungu mawili ya matembele, fungu moja la majani ya maboga, nusu kilo ya bamia, kilo moja ya bilinganya, mahindi mabichi sita, fungu la vitunguu majani na kabichi moja. Nyanya hazimo, kwa sababu ukungu umezishika: majani yamepata mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yamemwagiwa maji ya moto, na matunda yanaoza kuanzia upande wa kikonyo. Bei ni dola 10 kwa wiki, au dola 36 kwa wiki nne zikilipwa pamoja. Kikapu hupelekwa Jumatano alasiri.

Tangazo la orodha liliandikwa hivi:

"Jambo bamama na bapapa. Kikapu cha Jumatano: lengalenga mafungu 3, matembele mafungu 2, majani ya maboga fungu 1, bamia nusu kilo, bilinganya kilo 1, mahindi mabichi 6, vitunguu majani fungu 1, kabichi 1. Dola 10, tunaleta mpaka mlangoni kati ya 15:00 na 18:00. Jibu kabla ya Jumatatu 12:00."

La shambani lilikuwa hili:

"Wiki hii mvua haikutuonea huruma. Ukungu umeingia kwenye nyanya na tumeng'oa mistari minne ili usifike kwenye bilinganya. Kikapu cha Jumatano hakina nyanya. Badala yake tumeongeza mahindi mabichi sita na bilinganya kilo nzima. Picha hii ni ya asubuhi ya leo."

Na la jikoni:

"Kikapu cha Jumatano kitaliwa hivi. Jumatano usiku: mahindi ya kuchemsha, na lengalenga kwa bukari. Alhamisi: lengalenga iliyobaki, kwa ndakala. Ijumaa: matembele na majani ya maboga kwa karanga. Jumamosi: bamia. Jumapili: bilinganya. Kabichi inangoja hadi Jumatatu au Jumanne. Nyanya hazimo wiki hii. Dola 10, mlangoni kati ya 15:00 na 18:00."

Msomaji ataona kwamba saa nimeziandika kwa tarakimu za saa ishirini na nne, ingawa sentensi zinazizunguka ni za Kiswahili. Tulijifunza hilo kwa hasara. Mjini mwetu wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa wakiwa wanazungumza Kiswahili, na mara nyingi wote wawili wanaishi nyumba moja. Siku tuliyoandika "saa kumi", mteja mmoja alimwacha kijana wake akisubiri langoni tangu asubuhi ya saa nne, na tulipofika alasiri hakukuwa na mtu wa kufungua.

Tuanze na orodha. Nguvu yake ni kwamba inaandikwa kwa dakika tano na inasomwa kwa sekunde kumi. Kwa mteja ambaye tayari amelipa, hiyo inatosha: anataka kujua ni nini kinakuja ili asinunue kabichi ya pili. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kupokea kikapu chetu, orodha ina shimo moja kubwa, nalo ni neno "fungu". Fungu la lengalenga si kipimo. Mvua ikiwa nyingi, majani hukua haraka na muuzaji hufunga fungu nene; kufikia Septemba na Oktoba, joto likiwa kali na maji ya kumwagilia yakiwa ya taabu, fungu la bei ileile linakuwa la kushikwa kwa vidole viwili. Kila mnunuzi wa Lubumbashi anajua hivyo, na kwa hiyo anaposoma "mafungu matatu kwa dola 10" hukadiria kwa fungu dogo kabisa alilowahi kuuziwa. Orodha yetu ilikuwa inaonekana ghali kuliko ilivyokuwa.

Dawa ya shimo hilo ni ndogo. Tulipima mafungu kumi kwenye mizani, tukaamua uzito ambao fungu letu halitashuka chini yake, na tukauandika mara moja kwenye kila tangazo. Kisha picha: kikapu chote kimwagwe juu ya sinia, mkono wa mtu uwe pembeni ili ukubwa uonekane, na picha iwe ya wiki hiyohiyo. Niliwahi kutumia picha ya wiki iliyotangulia kwa sababu ilikuwa na mwanga mzuri. Ilikuwa na karoti. Kikapu hakikuwa nazo. Nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika mbili kutoka kwa mama mmoja wa Makomeno, na sehemu kubwa ya dakika hizo mbili ilikuwa ya haki.

Habari za shambani ndizo ninazopenda kuandika, na ndizo zinazodanganya zaidi anayeziandika. Picha ya mistari ya kabichi yenye umande hupata vidole gumba na "mbarikiwe" kwa wingi, nami kwa miezi kadhaa nilihesabu baraka hizo kana kwamba ni oda. Ukiangalia majina utagundua kwamba wengi wanaobariki hawawezi kununua: mmoja yuko Kolwezi, mwingine Likasi, mwingine ni mwanafunzi anayelala kwa kaka yake, na mwingine ni mkulima mwenzako anayetaka kujua mbegu umetoa wapi. Wapo pia ndugu walio Ulaya. Hao nusura niwaweke kwenye kundi hilohilo, mpaka mmoja wao alipouliza kama anaweza kumlipia mama yake kikapu cha kila wiki akiwa huko aliko. Tangu hapo, mara moja kwa mwezi, tangazo la shamba hubeba sentensi moja inayosema kwamba kikapu kinaweza kulipiwa na mtoto aliye mbali, na bibi akapelekewa mlangoni.

Mambo mawili ndiyo hulipatia tangazo la shamba nafasi yake. La kwanza ni maji. Lubumbashi ni mji wa migodi na viwanda vya kuyeyushia shaba, na watu wanaosoma wanajua kwamba mboga inaweza kuoteshwa kwenye udongo wenye vumbi la madini au kumwagiliwa kwa maji ya mto yaliyopokea taka za viwanda. Swali la "munamwangia maji ya wapi?" huja kabla ya swali la bei, hasa kwa wenye watoto wadogo. Orodha haiwezi kulijibu. Mpango wa jikoni pia hauwezi. Tangazo linaloonyesha kisima, pampu na bomba linalofika kwenye vitalu, pamoja na maelezo kwamba shamba liko wapi na limepakana na nini, linafanya kazi ambayo hakuna tangazo jingine linaloifanya. Hata hivyo, pana mpaka ambao si vizuri kuuvuka. Kisima kinathibitisha kwamba maji si ya mto, lakini hakithibitishi kwamba hayana madini. Kama udongo na maji havijapelekwa maabara, andika chanzo chake na uishie hapo. Neno "salama" lina haki ya kutumika tu pale ambapo una karatasi ya majibu yenye tarehe, na karatasi hiyo ndiyo ipigwe picha.

Ni hivyo hivyo kuhusu dawa. Mkulima aliyenyunyizia nyanya dawa ya shaba ili kuzuia ukungu huona kwamba hajatumia "kemikali", kwa kuwa dawa hiyo hukubaliwa hata katika kilimo hai cha nchi nyingi. Mteja anayesoma "bila dawa" hafahamu tofauti hizo. Akifika shambani siku moja na kuona rangi ya buluu kwenye majani, hatasikiliza maelezo. Sisi tunaandika tulinyunyiza nini, lini, na kwamba tumesubiri siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa kabla ya kuvuna. Mtu mmoja aliacha kununua kwa sababu ya uwazi huo. Wengine walibaki.

Jambo la pili ni hasara. Wiki ambayo kikapu kimepungukiwa na kitu ambacho watu walikitegemea, tangazo la shamba ni la lazima, na litoke kabla kikapu hakijaondoka, si baada ya malalamiko. Katika wiki yetu ya Februari, nyanya ndizo zilizokosekana, na nyumba isiyo na nyanya ni nyumba ambayo mtu atakwenda sokoni jioni ileile tuliyomuahidi kwamba hatakwenda. Kwa hiyo habari hiyo ilikuwa na deni la kueleza mambo matatu: nini kimekosekana, kwa nini, na nini kimewekwa badala yake. Sababu ikitajwa bila badala yake, inasomeka kama kujitetea. Badala ikitajwa bila sababu, inasomeka kama ujanja.

Sasa jikoni. Tangazo hili lina gharama kubwa kuliko mengine, kwa maana lazima ujue mboga zako zinavyoharibika, na ukikosea kila mtu ataona kwenye sufuria yake. Mpangilio wa siku ulioandikwa pale juu hautokani na ladha. Mahindi mabichi yako usiku wa kwanza kwa sababu tangu yanapovunjwa sukari yake huanza kugeuka wanga, na ya Ijumaa hayatakuwa na utamu wa yale ya Jumatano. Lengalenga inafuata kwa kuwa majani yake ni laini na hunyauka kabla ya mengine. Matembele na majani ya maboga huvumilia siku moja zaidi yakifungwa ndani ya kitambaa chenye unyevunyevu. Bamia ikae kavu. Ikilowa inateleza na kuwa nyeusi. Bilinganya haipendi baridi kali ya friji, na kabichi inaweza kungoja hata zaidi ya wiki ikiwa majani ya nje hayajaondolewa. Katika mji ambao umeme hukatika na friji kugeuka kabati, mpango wa namna hiyo unatofautisha kikapu kilicholiwa chote na kikapu ambacho theluthi yake ilitupwa Jumamosi.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu huacha abonema. Nilidhani wanaacha kwa sababu ya bei. Nilipowapigia simu wawili walioacha, kila mmoja kwa maneno yake alisema kwamba mboga zilikuwa zikiozea nyumbani na roho ikimuuma kuzitupa. Kikapu kilikuwa sawasawa. Kilicholiwa kwanza ni kabichi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu, na lengalenga ikabaki chini mpaka ikawa maji. Mnunuzi wa beseni hana tatizo hilo, kwa kuwa hununua ya leo tu. Anayeuza mboga za wiki nzima amemwachia mteja kazi mpya ya kupanga, na tangazo la jikoni linamwondolea kazi hiyo.

Lina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Katika nyumba nyingi tunazozihudumia, anayelipa si anayepika. Mama yuko kazini, na jikoni kuna binti wa nyumbani, shangazi au mdogo wake. Orodha inaishia kwenye simu ya mama. Mpango wa siku hutumwa mbele, na mara nyingi mama huusoma kwa sauti na kuutuma kama ujumbe wa sauti kwa yule aliye nyumbani. Ndiyo sababu ninauandika kwa Kiswahili cha kawaida, hata kwa wateja ambao pamoja nao tunazungumza bei kwa Kifaransa, na sentensi ninazifanya fupi ili zisomeke kwa pumzi moja.

Udhaifu wake ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kiburi. Nilipoanza, niliandika mapishi: katakata hivi, kaanga dakika kadhaa, weka karanga kiasi hiki. Mama mmoja wa rika la mama yangu alinijibu: "Mwanangu, lengalenga nimeanza kuipika kabla ya wewe kuzaliwa." Nikamwomba radhi, nikafuta mapishi na kubakiza mpangilio wa siku. Wateja wetu wanajua kupika kuliko mimi. Wasichojua ni mboga gani ilikatwa Jumanne na ipi ilikatwa Jumatano alfajiri. Wa pili ni kwamba mpango huandikwa Jumapili na mavuno hufanyika Jumanne na Jumatano. Mvua ya mawe ya Jumatatu usiku inaweza kutoboa majani yote ya maboga. Kwa hiyo mpango wa Jumapili utaje mboga ambazo una uhakika nazo, na siku moja iachwe wazi kwa maneno kama "Ijumaa: majani yatakayokuwa mazuri zaidi".

Ili nijue tangazo gani linaleta watu, niliacha kuhesabu waliotazama na kuweka neno la kujibu kwenye kila aina. La orodha lilisema "jibu KIKAPU", la shamba "jibu SHAMBA", la jikoni "jibu JIKO". Kwa wiki kumi na mbili nilizungusha aina tatu, wiki nne kila moja, na nikaandika katika daftari ni nani aliyejibu na ni nani aliyelipa. Wateja wapya waliolipa walikuwa wanane: watano walijibu JIKO, wawili SHAMBA, mmoja KIKAPU. Ni hesabu ndogo, na ina kasoro ambayo niliiona nilipomaliza: matangazo mawili kati ya manne ya jikoni yaliangukia wiki ya mwisho wa mwezi, wakati mishahara imeingia. Siwezi kusema kwamba jikoni inashinda mara tano. Ninaweza kusema kwamba waliojibu KIKAPU karibu wote walikuwa wateja wa zamani, na hilo linaendana na ninavyoiona orodha: ni barua kwa aliyekwisha kuingia.

Kuhusu mwisho wa mwezi, nadhani unastahili kuamua aina ya tangazo kuliko ladha ya mwandishi. Mtu hulipia wiki nne pale tu anapokuwa na fedha za wiki nne. Wiki ya tarehe 25 hadi tarehe 3, tangazo liwe la jikoni na liombe malipo ya mwezi. Katikati ya mwezi, uza kikapu kimoja kimoja kwa wanaotaka kuonja. Tuchukue shamba linaloweza kujaza vikapu 30 kwa wiki. Kama nyumba 22 zimelipa mwezi mzima, zimeshalipa dola 792 badala ya dola 880, na shamba limeacha dola 88. Kilichonunuliwa kwa dola hizo 88 ni kujua siku ya Jumapili kwamba vikapu 22 vina wenyewe, hivyo tangazo la wiki linatafuta watu 8 tu. Andika "nafasi 8" ikiwa ni 8 kweli. Wengi wa wateja hawa wanafahamiana kazini na kanisani, na ukisema zimebaki mbili halafu Jumanne ukapokea watu sita, habari itafika kabla ya kikapu.

Malipo yenyewe yana sentensi mbili ambazo aina zote tatu za tangazo huzihitaji, na ambazo wengi huzisahau. Moja ni jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapotuma fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kama shamba linaitwa kwa jina moja na namba imesajiliwa kwa jina la shemeji yako, mteja anaona jina geni, anahofia kuibiwa na kuacha. Andika jina hilo katika tangazo. Ya pili ni gharama ya kutoa fedha: kama bei ni dola 10 kamili, sema wazi kwamba mteja haongezi kitu, au sema anaongeza kiasi gani. Wanaolipa kwa faranga waambiwe kiwango cha kubadilisha cha wiki hiyo ndani ya tangazo lenyewe, kwa maana kiwango kinachojadiliwa mlangoni humchelewesha dereva, na mboga zikiwa kwenye jua.

Njia ya kutuma nitaipitia haraka. Hali ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24 na inaonwa na watu walio na namba yako nawe una yao. Inafaa picha ya sinia na habari za shamba. Orodha ya kutumia wengi ujumbe mmoja huchukua watu 256, na humfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo jambo la kwanza la kumwomba mteja mpya ni aihifadhi. Ndiyo njia ya mpango wa jikoni, kwa sababu ujumbe unabaki kwenye simu na unaweza kutumwa mbele siku ya Alhamisi. Feisibuku ni ya wasiokujua, wakiwemo wale ndugu wa mbali. Video tuliziacha. Mega zinanunuliwa, na mtu hatumii zake kutazama kabichi.

Basi achague nani nini? Shamba lenye wateja wasiozidi kumi liandike la jikoni kila wiki, na mara moja kwa mwezi liongeze la shamba lenye maji na udongo, kwa sababu bado halijaaminika. Shamba lililojaa, ambalo vikapu vyake vyote vimelipiwa, halina haja ya kutumia saa nzima ya Jumapili kuandika mpango. Orodha yenye uzito na mstari mmoja wa mpangilio wa kula inatosha. Shamba lililo katika wiki ya hasara liandike la shamba, hata kama zamu ilikuwa ya jikoni. Na anayeuza mboga za majani tu, bila kabichi wala bilinganya wala karoti, nadhani asiuze kikapu cha wiki kabisa, bali cha siku mbili, mara mbili kwa wiki, kwa maana hakuna mpangilio utakaoifanya lengalenga ya Jumatano iwe chakula cha Jumatatu.

Sisi, tukiwa na nyumba zaidi ya ishirini, tumefika kwenye tangazo la mchanganyiko. La Jumapili iliyopita, baridi ya Juni ikiwa imetupatia karoti na kabichi nzuri, lilikuwa hivi:

"Jambo bamama na bapapa. Kikapu cha Jumatano kwa mpangilio wa kula: lengalenga (Jumatano, Alhamisi), matembele (Ijumaa), vitunguu majani na nyanya (siku zote), karoti kilo 1 na nusu, kabichi 1 ya mwisho wa wiki. Fungu letu halipungui gramu 400. Dola 10, au 36 kwa wiki nne. Mlangoni 15:00 hadi 18:00. Unasafiri? Tuambie kabla ya Jumatatu 12:00, wiki yako itasogezwa mbele. Nafasi 5. Jibu JIKO."

Liliingia lote kwenye kioo cha simu ndogo kabla ya WhatsApp kulikata na kuandika "Soma zaidi", na kufikia Jumatatu asubuhi nafasi nne zilikuwa zimechukuliwa. Ya tano ilichukuliwa na yule mama wa ujumbe wa dakika mbili, kwa ajili ya binti yake aliyeolewa Bel-Air, kwa sharti kwamba nimtumie kwanza picha ya karoti zenyewe.